Unatafuta fundi wa gari? Namna ya kuandika ombi linaloleta majibu yenye maelezo

Katika makundi ya WhatsApp ya majirani, ya wazazi wa shule moja au ya wafanyakazi wenzetu, ombi hili hujitokeza mara kwa mara: "Habari zenu wapendwa, naomba namba ya fundi mzuri wa magari." Baada ya nusu saa majibu huwa yameshajaa. Mmoja ametuma namba bila neno lolote, mwingine ameandika "huyu yuko vizuri sana", wa tatu anasema "njoo inbox", kadhaa wameandika "hata mimi nahitaji", na fundi mmoja aliyemo kundini amejitangaza mwenyewe. Mwombaji anabaki na orodha ya namba asijue achague ipi, kwa hiyo anapiga ile iliyotangulia. Kazi ikiharibika, lawama huangukia kundi: watu wanatoa namba ovyo, hakuna anayejali. Lawama hiyo aghalabu si ya haki, kwa sababu waliojibu walijibu walichoulizwa.

Kabla ya kuendelea ni vyema tuelewane juu ya mambo mawili yatakayorudi katika makala hii. La kwanza ni dalili, yaani kile ambacho mwenye gari anakiona, anakisikia au anakinusa: gari linachemsha, linatetemeka, linatoa moshi. Dalili si sababu, na kuitafuta sababu ni kazi ya fundi. La pili ni tofauti kati ya sifa na tukio. Sifa ni maoni ya jumla kama "fundi huyu ni mwaminifu". Tukio ni jambo lililotokea kwa gari fulani, kwa shida fulani, kwa wakati na kwa bei inayojulikana. Ombi la kawaida huomba sifa, na kwa hiyo hupata sifa, ilhali anayetaka kuamua ampeleke gari nani anahitaji matukio.

Mtu akiingia duka la dawa na kusema "naomba dawa nzuri", muuzaji makini hatampa chochote kabla ya kumuuliza anaumwa nini, anayeumwa ni mtoto au mtu mzima, na ametumia dawa gani tayari. Shida ya kundi ni kwamba hakuna muuzaji wa kuuliza maswali hayo. Kila msomaji anashika simu kwa mkono mmoja, anasoma ombi kwa sekunde chache, na kichwani mwake linakuja jina la fundi wake wa mwisho. Huenda fundi huyo alimnyooshea bampa, na wewe unahitaji mtu wa gia boksi. Anapoandika "mzuri", mmoja anamaanisha kwamba ni nafuu, mwingine kwamba hamalizi siku tatu na gari la mtu, na mwingine kwamba hajawahi kumbadilishia kifaa kizima akamwekea kibovu. Wote wanasema kweli, ila hawazungumzii kitu kimoja.

Ufundi wa magari hasa ndio unaolifanya ombi la jumla liwe na hatari, kwa kuwa kazi hii imegawanyika sana. Kuna fundi injini, fundi umeme, fundi wa gia boksi, fundi wa AC, fundi wa springi na bushi, fundi wa bodi na fundi wa rangi. Katika gereji nyingi za mitaani watu hawa hukaa uwanja mmoja, lakini kila mmoja ana mikono yake. Mwenye gari asipotaja dalili hajui hata yeye anamtafuta nani kati yao, na kundi haliwezi kumsaidia kujua.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, ana Toyota IST ya mwaka 2004, gari ambalo limejaa katika barabara za Tanzania. Kila jioni akiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela gari linachemsha. Akiandika kundini "naomba fundi mzuri" atapata zile namba tulizozitaja. Akiandika "gari langu linachemsha, naomba fundi" amepiga hatua, lakini bado hajafika, kwa sababu kuchemsha kuna sura zaidi ya moja, na kila sura inaelekeza kwa mtu tofauti.

Rejeta hupoza maji ya injini kwa kupitishiwa hewa. Gari likiwa katika mwendo, upepo wa safari unafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Likisimama kwenye foleni upepo huo haupo, na feni ya umeme iliyo nyuma ya rejeta ndiyo inayobaki kuvuta hewa. Kwa hiyo gari linalochemsha kwenye foleni na kutulia likiingia barabara iliyo wazi linatufanya tuishuku feni kwanza, pamoja na fyuzi, rilei, sensa na nyaya zake, na hapo anayehitajika kwa kawaida ni fundi umeme. Gari linalochemsha hata likiwa kwenye mwendo mzuri linatupeleka kwingine: rejeta iliyoziba, thamostati isiyofunguka, pampu ya maji iliyochoka, au maji yaliyopungua. Kama maji yanapungua bila kuonekana yanapovujia, moshi mweupe unatoka nyuma hata injini ikiwa imeshapata joto, au oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, hofu inahamia kwenye gasketi ya silinda hedi, na hapo ni kazi ya fundi injini anayeaminika, tena ya gharama kubwa.

Mwenye gari hahitaji kuyajua haya yote. Anachohitaji ni kuandika alichokiona kwa namna itakayomwezesha anayeyajua, au aliyewahi kupatwa na jambo hilohilo, kulitambua. Maswali anayopaswa kujijibu kabla ya kuandika ni mepesi: linatokea wakati gani na halitokei wakati gani, lilianza lini, nini kimeshafanyiwa, na kuna dalili gani nyingine ambayo nimeitazama na haipo. Hilo la mwisho husahaulika sana. Kusema "maji hayapungui" au "sioni moshi mweupe" kunafunga milango kadhaa na kuokoa ubishi mrefu. Kipo pia kipimo kidogo anachoweza kukifanya bila fundi: gari likiwa limesimama na injini inawaka, awashe AC na asikilize au atazame kwa mbali kama feni ya rejeta inazunguka. Katika magari mengi ya aina hii feni huitikia AC inapowashwa. Asipeleke mkono karibu nayo, kwa sababu inaweza kuanza kuzunguka wakati wowote, na kamwe asifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa bado ya moto.

Kosa moja ambalo hata watu makini hulifanya ni kuandika hukumu mahali pa dalili. "Natafuta fundi wa kubadilisha gasketi ya hedi" linaonekana kuwa ombi lenye maelezo, na kwa hakika litajibiwa haraka. Tatizo ni kwamba litawaleta wabadilisha gasketi, na watabadilisha gasketi. Kama shida ilikuwa rilei ya feni, gari litarudi kwenye foleni ileile na kuchemsha vilevile, huku hedi ikiwa imefunguliwa bure. Ikiwa fundi fulani ameshatoa hukumu, iandike kama hukumu ya mtu: "fundi wa kwanza anadhani ni gasketi, lakini hakupima."

Nusu ya pili ya ombi, na kwa maoni yangu ndiyo inayopuuzwa zaidi, ni swali lenyewe. Watu hukumbuka kilichowapata kwa urahisi kuliko wanavyoweza kupima ubora wa mtu. Ukiuliza "fundi gani ni mzuri?" unamlazimisha msomaji awe hakimu. Ukiuliza "nani amewahi kutengenezewa gari lililokuwa likichemsha, na ilikuwaje?" unamwomba asimulie, na karibu kila mtu anaweza kusimulia. Swali hilo pia linawachuja watu kimyakimya. Asiye na tukio la kusimulia ataona kwamba haulizwi yeye, na zile namba za kurushwa zitapungua zenyewe.

Sasa tuliandike upya ombi la mkazi wetu wa Tabata.

"Habari zenu. Toyota IST ya 2004 (NCP60, injini 1300, gia otomatiki) linachemsha kwenye foleni tu. Likiwa kwenye mwendo linatulia. Lilianza wiki mbili zilizopita. Maji hayapungui na sioni moshi mweupe. Thamostati imeshabadilishwa, hali ni ileile. Nikiwasha AC gari likiwa limesimama, feni ya rejeta haizunguki. Natafuta fundi maeneo ya Tabata, Buguruni au Ilala, na ninaweza kuliacha gari siku za kazi. Kama umewahi kutengenezewa shida kama hii, naomba unijibu hapahapa: gari lilikuwa aina gani, ilikuwa lini, ulilipa kiasi gani cha ufundi na kiasi gani cha spea, na je, tatizo lilirudi? Kama kuna jambo ambalo hukulipenda, litaje pia. Ikiwa fundi ni ndugu yako, au wewe mwenyewe ndiye fundi, sema tu, si vibaya."

Kila sehemu ina kazi yake. Gari na dalili vimetangulia ili mwenye IST au Vitz asimame palepale na mwenye lori apite. Ile NCP60 ni alama ya toleo la gari inayopatikana mwanzoni mwa namba ya chesisi, nayo inatenganisha IST ya injini 1300 na ile ya 1500 ambayo huanza na NCP61 au NCP65. Kwa shida ya feni si lazima kuitaja, lakini kwa shida ya injini au ya spea inaepusha kununua kisichoingia. Namba ya chesisi nzima haina haja ya kuandikwa, wala namba ya usajili, wala saa ambazo gari na mwenyewe hawapo nyumbani.

Bei imeombwa ikiwa imegawanywa, ufundi upande mmoja na spea upande mwingine, na mgawanyo huo una maana. Mtu akisema "nililipa laki moja" hujui kama fundi ni ghali au kama feni ndiyo iliyokuwa ghali. Spea zenyewe zina ngazi zake: mpya orijino, mpya isiyo ya kampuni iliyotengeneza gari, na ya mtumba iliyofunguliwa kwenye gari lingine. Feni ya mtumba iliyonunuliwa eneo la Gerezani, Dar es Salaam, na feni mpya dukani haviwezi kulinganishwa kwa bei tupu. Ufundi ukitajwa peke yake, ulinganisho unakuwa wa haki.

Swali la kama tatizo lilirudi ndilo lenye uzito kuliko yote. Gari lolote linaweza kutoka gereji likiwa linapumua vizuri. Fundi anaweza kuiunganisha feni moja kwa moja ili izunguke muda wote, na kwa siku chache mwenye gari akaridhika, mpaka mota ichoke kabla ya wakati wake. Jibu la mtu aliyetoka gereji jana lina thamani ndogo kuliko la mtu ambaye ametembea miezi sita tangu atengenezewe. Ndiyo maana "ilikuwa lini" na "je, lilirudi" huulizwa pamoja.

Ombi la kutaja jambo lisilopendeza huwashangaza wengine, kwa kuwa kwetu mtu akimpendekeza fundi huona kama anamdhamini, na kumtaja kasoro ni kama kumchongea. Lakini pendekezo lenye "ila" ndani yake ndilo linalokusaidia kujipanga. Tuseme, kwa mfano, jirani anajibu hivi: "Yangu ni Vitz ya 2003, ilikuwa ikichemsha kwenye foleni, mwezi wa tatu. Fundi umeme alipima akakuta mota ya feni imekufa. Feni ya mtumba 70,000, ufundi 25,000, mpaka leo sawa. Ila aliniambia siku moja, akakaa nalo siku tatu." Kwa sentensi hizo chache umejua kwamba fundi hupima kabla ya kubadilisha, umepata bei ya kulinganishia, na umejua kwamba usimpelekee gari siku moja kabla ya safari. Jibu la "yuko vizuri sana" halikupi hata kimoja kati ya hivyo.

Zipo imani kadhaa zinazowazuia watu kuandika hivi. Wengi husema ombi refu halisomwi. Ukweli ni kwamba lisilosomwa ni lile ambalo mistari yake minne ya kwanza ni salamu na kuomba radhi kwa usumbufu, hivi kwamba msomaji hajui bado linamhusu nani. Salamu ni ya lazima na iwepo, lakini mstari mmoja unatosha, kisha gari na dalili. Ombi letu la mfano lina maneno mia na ushee tu, na mwenye gari la aina hiyo atalimaliza kwa sababu anajiona ndani yake.

Imani nyingine ni kwamba wakiwa wengi waliomtaja fundi mmoja, basi amethibitika. Inawezekana, lakini inawezekana pia kwamba mtu mmoja alimtaja mwaka jana, wengine wakaihifadhi namba, na leo wanaituma bila kuwahi kumpelekea hata baiskeli. Namba inayotumwa mara tano bila tukio hata moja ni pendekezo moja lililorudiwa. Mapendekezo mawili yenye magari mawili, miezi miwili tofauti na bei mbili yanaizidi.

Ipo hofu pia ya kutaja fedha. Wengine huandika "bajeti yangu ni laki mbili" wakidhani wanasaidia, na wengine wanakataa kutaja chochote kwa kuogopa kulanguliwa. Wanaohofia wana hoja, kwa sababu mafundi wenyewe wamo kundini na kiasi ulichokitaja kinaweza kugeuka kuwa bei. Ushauri wangu ni kwamba usitaje ulichonacho, bali uliza wengine walilipa nini. Unapata taarifa bila kuitoa yako.

Wapo wanaotaka kwenda mbali zaidi na kuuliza hadharani "mafundi gani niwaepuke?" Swali hilo lisiwemo. Kundi litageuka uwanja wa ugomvi, aliyetajwa hayupo kujitetea, na mwenye kusambaza uongo dhidi ya mtu kwa makusudi anaweza kujikuta mbele ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Swali la kama tatizo lilirudi linakupatia karibu taarifa ileile kwa njia ya staha.

Hata ombi zuri litapata majibu mafupi, na hapo kazi haijaisha. Namba tupu ikitumwa, jibu kwa swali moja tu, si matatu: "Asante sana ndugu yangu. Alikutengenezea nini, na ilikuwa lini?" Aliyempelekea gari atajibu kwa dakika moja. Ambaye hajampelekea atasema "nimeipata kwa mtu", na umeshajua uzito wa namba hiyo bila kumvunjia mtu heshima. Anayesema "njoo inbox" mshukuru, mfuate, kisha mwombe ruhusa ya kuyarudisha kundini maelezo yasiyo ya siri, kwa sababu jirani mwingine ataulizia jambo hilohilo kabla ya mwezi kwisha.

Kuna swali moja zaidi ambalo halifai kundini lakini linafaa sana kwa mtu mmoja mmoja kabla hujapeleka gari: nani hasa alilishika? Katika gereji nyingi jina ni la mkubwa wa gereji. Anapokea simu, analitazama gari, anataja bei, kisha analikabidhi kwa vijana wanaojifunza kazi kwake. Vijana hao wengine ni hodari kuliko mwenye jina, na wengine wana miezi michache tu. Pendekezo la mwaka juzi linaweza kuwa lilitokana na mikono ya kijana ambaye leo ana gereji yake mtaa mwingine. Aliyetengenezewa akikwambia "alilishika kijana wake wa umeme", mwombe jina la kijana huyo, na ukifika muulizie kwa jina.

Yote haya ni kwa ajili ya gari linaloweza kusubiri. Likichemsha barabarani saa moja usiku na taa nyekundu imewaka, huna muda wa kukusanya matukio, na unahitaji ombi la aina nyingine, fupi: "IST limechemsha, nimeegesha Mandela karibu na Tazara, nimeshalizima. Nani ana fundi anayeweza kufika sasa hivi, au gari la kuvuta?" Mahali, hali na muda vinatosha. Fundi akifika mwache alipoze na kuliwezesha kuondoka, au livutwe hadi sehemu salama, na usimruhusu afungue injini pale kando ya barabara kwa sababu tu ndiye aliyefika. Ombi lile refu liandike asubuhi yake, ukiongeza ndani yake alichokiona fundi wa usiku.